Tisa wanalalamika, mmoja analalamika: nianze na nani?

"Nina wateja 20 wanaojaribu programu yangu ya mauzo. Tisa wanasema inaganda, mmoja anasema magunia yamejirudia. Nianze na lipi?"

Anza na huyo mmoja. Hesabu iliyoharibika ni hasara ya mtu, na kosa lake unaweza kulijaribu sasa hivi: zima data, andika magunia 10, bonyeza Hifadhi mara mbili kama mtu asiyeona jibu, kisha washa data. Yakisomeka 20, kosa ni la kweli. Programu inatuma muamala uleule mara mbili bila kuutambua.

Sisi tulilikuta hivyo kwa dalali wa mahindi Kibaigwa, ambako mtandao ulikuwa unamkatikia. Wenye maduka wa Majengo, mjini, hawakuliona hata mara moja, kwa hiyo usichague wajaribu wa mjini tu.

Hao tisa waulize aina ya simu, toleo la programu na walichobonyeza mwisho. Wakiwa na simu za aina moja, hiyo si kelele tena. Wapo wanaosema kosa lisilorudika ukilijaribu ulifute kwenye orodha; wako sahihi nusu: kosa la mtandao huja na kupotea, kwa hiyo liache wazi kwenye orodha. Kosa langu moja la aina hiyo bado liko wazi.