Taa ya kibodi na alama ya kufuli

"Wakuu, niko Mwanza. MacBook Air yangu ya 2017, nikikaa barazani mchana na kubonyeza F6, taa ya kibodi haiwaki, inatokea alama ya kufuli. Kibodi imekufa?"

Mkuu, usinunue kibodi bado. Kufuli hilo linamaanisha kihisi mwanga, kilicho karibu na kamera, kimeona mwanga mkali na kuizuia taa. Barazani, hasa jua likimulika kutoka ziwani, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ingia chumba chenye giza, au ziba eneo la kamera kwa kiganja sekunde chache, kisha bonyeza F6 tena. Kama hakuna alama yoyote inayotokea, shikilia Fn pamoja nayo. Taa ikiwaka, kibodi ni nzima.

Ikiwa gizani mistari ya mwanga inapanda bila kufuli na vitufe bado ni vyeusi, hapo mpelekee fundi akague waya wa taa, hasa kama maji yaliwahi kumwagika.