Kabla hujasema "karibuni maswali"

Mara ya kwanza nilipokaa mbele ya maikrofoni kama msemaji, jukwaa la mafundi lilikuwa limeanguka kwenye jengo tulilokuwa tunalijenga hapa Dodoma. Sikuwa na karatasi. Nikasema majeruhi ni "kama watano hivi". Redio moja ikatangaza watano, nyingine ikasema zaidi ya watano, na jioni pale stendi watu walikuwa wanahesabu saba. Majeruhi walikuwa wanne. Siku mbili nzima nilizimaliza nikisahihisha "hivi" yangu.

Kampuni siitaji, na kazi ile niliiacha zamani. Nawaandikia maafisa habari wachanga wanaonipigia simu usiku wakiuliza, "Kaka, kesho nina presi, nijibuje maswali?" Huwa nawarudisha nyuma kidogo: ile taarifa ya mwanzo umeiandikaje? Ukiiandika vizuri, nusu ya maswali yanayokutisha yanakuwa yameshapata jibu au yameshawekewa mpaka.

Nieleze kwa tukio la pili, lililonikuta nikiwa nimeshajifunza. Udongo uliporomoka ndani ya shimo la msingi upande wa Nzuguni, alasiri, vibarua wakiwa chini. Kesho yake saa 5 asubuhi nikawaita waandishi. Saa hiyo niliichagua makusudi, ili wa redio wawahi taarifa ya saa 7 mchana na wa televisheni wapate muda wa kuhariri picha kabla ya saa 2 usiku. Tulikaa ndani. Ukifanyia nje miezi ya upepo wa Dodoma, karatasi zinaruka na maikrofoni inarekodi vumbi.

Karatasi yangu ilikuwa ukurasa mmoja, dakika tatu nikiisoma taratibu. Ilianza hivi:

"Ndugu waandishi wa habari, habari za asubuhi. Taarifa ninayoisoma ni ya hadi saa 4:30 asubuhi hii. Jana saa 9:15 alasiri, udongo uliporomoka katika shimo la msingi kwenye eneo letu la ujenzi. Ndani ya shimo walikuwamo watu 11. Wenzetu wawili wamefariki dunia. Tisa walitolewa wakiwa hai. Kati yao wanne wamelazwa hospitali, na watano walitibiwa na kuruhusiwa. Hakuna anayeendelea kutafutwa; tumelinganisha daftari la mahudhurio ya jana na watu wote waliopatikana."

Zijumlishe hizo namba. Wawili na tisa ni 11, wanne na watano ni tisa. Mwandishi mzuri anajumlisha hapohapo kwenye daftari lake, na zikigoma, mkutano mzima unageuka kuwa wa hesabu. Kila namba ilikuwa na mwenyewe: 11 ilitoka kwenye daftari la msimamizi wa eneo, wanne walitoka kwa muuguzi wa zamu, niliyempigia simu mwenyewe saa 4:20. Pembeni ya nakala yangu niliandika kwa penseli nani kaniambia na saa ngapi. Ile "hadi saa 4:30" nayo ina kazi yake, nitaifikia.

Kisha ikaja mipaka. Hapa wengi wanaharibu kwa kusema "uchunguzi unaendelea" halafu wananyamaza. Mwandishi akisikia hivyo anajua amefungiwa mlango, naye atazunguka kutafuta dirisha. Mimi nilitaja vitu vitatu nisivyovizungumzia, na kila kimoja nikakipa sababu na mtu wa kuulizwa. Majina ya marehemu: familia moja ilikuwa imeshaarifiwa, ya pili ilikuwa bado, na hatutaki mama asikie kwenye redio akiwa shambani, tutayatoa kwa ridhaa ya familia zote mbili. Chanzo cha kuporomoka: wakaguzi wa usalama kazini kutoka OSHA wameingia eneo la tukio asubuhi hii, polisi nao wanafanya kazi yao, na kazi zetu zimesimama, chanzo watakisema wao. Fidia: suala hilo litapitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na sitataja kiasi.

Mipaka mitatu inatosha. Ukiweka minane, utasikika kama mtu mwenye cha kuficha, na pengine kweli unacho.

Mwisho, utaratibu wa maswali, nao niliusoma kabla mkono wowote haujapanda. Dakika 20. Kila mmoja ataje jina na chombo chake, swali moja, na la nyongeza moja kuhusu jambo hilohilo. Nisilo na jibu lake, mwenzangu aliyekaa kulia ataliandika, na majibu yatatoka kwa maandishi saa 10 jioni. Baada ya hapo sitafanya mahojiano ya pembeni na mtu yeyote.

Hilo la mwisho wageni hulidharau. Mkutano ukiisha, kamera zikifungwa, vijana wanakuzunguka kwa heshima zote: "Mkuu, kidogo tu, hii siyo ya kuandika." Simu zote mikononi zinarekodi. Ukimpa mmoja, umewaonea 15 waliofuata utaratibu, na mkutano ujao hawatakuamini.

Swali gumu lilikuja la tatu. "Kwa hiyo unakanusha kwamba shimo halikuwa na mbao za kuzuia udongo?" Liangalie vizuri. Ukisema "nakanusha", umeshatoa maoni kuhusu chanzo. Ukisema "sikanushi", kichwa cha habari tayari kimeandikwa. Nikajibu: "Nimesema chanzo kitasemwa na wakaguzi, na mbao ni sehemu ya hicho chanzo. Ninachokithibitisha ni kwamba hakuna mtu anayeingia kwenye shimo lile mpaka waturuhusu." Akarudia kwa maneno mengine. Nami nikarudia, kwa maneno yaleyale. Ukibadilisha maneno mara ya pili, atadhani msimamo nao umebadilika.

Ila mpaka ulivunjwa, na siyo na waandishi. Bosi wangu, aliyekuwa amekaa kushoto, aliivuta maikrofoni akasema, "Vibarua hawa nao wakati mwingine hawasikii." Ukumbi ukatulia. Nilirudisha maikrofoni nikasema, "Naomba kauli hiyo iondoke. Chanzo hatukizungumzii, na hilo linatuhusu sisi wote wa meza hii." Ilinigharimu barua ya onyo, lakini kauli yangu ilirushwa sambamba na yake. Tangu hapo, mkubwa akitaka kukaa mezani, namsomea ile mipaka ana kwa ana kabla hatujaingia ukumbini, na namwomba aitamke mwenyewe. Akikataa, namshauri atume salamu za rambirambi kwa maandishi na abaki ofisini.

Dakika ya 20 nilisimama, mikono mitatu ikiwa bado juu. Maswali ya hao watatu tuliyaandika.

Saa 9 alasiri hospitali ikapiga simu: mmoja wa wale wanne amefariki. Saa 10 tukatuma majibu tuliyoahidi, na mstari wa kwanza ulisema: "Hadi saa 9:40 alasiri, waliofariki ni watatu na waliolazwa ni watatu." Mwandishi mmoja alinipigia, nikadhani anakuja kuuliza kwa nini asubuhi niliwaficha. Aliuliza tu kama familia ya huyu wa tatu imeshajua. Nikamjibu bado, mdogo wake yuko njiani anatoka Kondoa. Akasema sawa, atasubiri.