Ndizi zilizoiva kupita kiasi: kabalagala au keki?

"Ndizi zangu zimeiva hadi ganda limekuwa jeusi. Bado zinafaa kwa kabalagala au keki?"

Zinafaa kwa vyote viwili, na kwa kabalagala, yaani maandazi ya Uganda ya ndizi na unga wa muhogo, ndizo hasa zinazotakiwa, kwa sababu wanga wake umekwisha kugeuka sukari na nyama yake imelainika kiasi cha kupondeka bila tone la maji. Nilivyofundishwa na wapishi wa Uganda, ndizi ndogo tamu hupondwa mpaka mabonge yaishe, kisha unga wa muhogo huongezwa kidogo kidogo hadi donge liache kung'ang'ania vidoleni. Kipimo kimoja hakipo, kwani kadiri ndizi zilivyoiva ndivyo zinavyohitaji unga zaidi. Usiongeze sukari. Mafuta ya kukaangia yawe ya moto wa wastani, maana sukari ya ndizi huungua upesi, na andazi likiwahi kuwa jeusi nje, ndani hubaki bichi.

Anayesema kwamba ganda jeusi ni dalili ya kuoza amepatia nusu tu. Menya kwanza: nyama yenye harufu tamu, hata ikiwa kahawia kidogo, ni nzima, lakini yenye ukungu au inayochuruzika maji ya harufu ya pombe itupwe.

Kwa keki, ndizi tatu za wastani zinatosha vikombe viwili vya unga wa ngano. Zikizidi, katikati hukaa kama ugali mbichi ilhali juu pameiva. Kuhusu matoke yaliyoiva, mimi sijayajaribu kwa keki, hivyo namwachia anayeyajua.