Igizo la redio la 9 Desemba 1961: mpeni kila mhusika shughuli yake

Swali: "Habari wakuu. Nalea klabu ya redio shuleni. Tumepewa dakika 10 tarehe 9 Desemba, tunataka kusimulia siku ya uhuru wa Tanganyika kwa macho ya watu wa kawaida, siyo viongozi. Mswada tumeandika, lakini ukisomwa unasikika kama kitabu cha historia walichogawana wanafunzi wanne. Wenye uzoefu naombeni mwongozo."

Mkuu, sijauona mswada wenu lakini naweza kukisia ulivyo. Nimesimamia maigizo ya aina hii kwa miaka kadhaa na rasimu ya kwanza huwa na sura ileile. Mkulima anasema ana furaha kwa kuwa nchi yake iko huru, anampisha mvuvi aseme hivyohivyo, kisha anakuja mwalimu. Kazi zinabadilika, maneno hayabadiliki.

Dawa yake ni kumpa kila mhusika shughuli ambayo lazima aimalize saa fulani, na uhuru umkute katikati ya shughuli hiyo. Hapo hana nafasi ya kuhutubia, na msikilizaji atajua moyo wake kwa namna anavyoharakisha, anavyogombana na anavyosahau alichotumwa. Dakika 10 zinabeba matukio matatu tu. Wanafunzi wakisoma kwa utulivu huenda kama maneno 100 kwa dakika, na milio nayo inakula muda wake, kwa hiyo mswada wote usizidi maneno 850 hivi.

Haya ndiyo matatu ambayo ningeyaandika.

La kwanza ni Ijumaa mchana, tarehe 8, barazani kwa fundi cherehani Dar es Salaam. Anashona bendera ndogo za kupunga, na mteja anadai nguo yake. Nimemchagua fundi kwa sababu redioni bendera haionekani, na mtu pekee mwenye haki ya kuieleza rangi kwa rangi bila kusikika kama anajibu mtihani ni yule anayeishona.

SAUTI: Cherehani inakwenda kasi, inasita, inakwenda tena.
MTEJA: Fundi, kanzu yangu.
FUNDI: Kesho.
MTEJA: Kesho ni sikukuu, bwana!
FUNDI: Ndiyo maana leo sina nafasi. Hebu shika hapa. Kijani juu, kijani chini, nyeusi katikati. Hizo hazinisumbui. Kinachonitesa ni hivi viutepe vya njano, kimoja juu ya nyeusi, kimoja chini yake. Ukikosea kidogo vinapinda.
MTEJA: Mimi nikihudumu mezani na kanzu iliyochanika, bwana wangu atasema nini?
FUNDI: Bwana wako si anafunga masanduku?
SAUTI: Cherehani inasimama.
MTEJA: Anafunga. Ndiyo nauliza, akiondoka, nampikia nani?

Mteja ni mpishi wa ofisa wa serikali ya kikoloni. Anautaka uhuru, lakini mshahara wake unakaribia kupanda meli. Wekeni angalau mtu mmoja wa namna hii, kwa sababu shangwe isiyo na anayehesabu hasara haiaminiki. Na angalieni mlio wa cherehani unavyofanya kazi: ukisimama, msikilizaji anajua fundi ameguswa, hata kabla hajajibu. Rekodini cherehani halisi ya mguu kama inapatikana, ile ya umeme inavuma tofauti na itawaumbua.

Tukio la pili ndilo moyo wa igizo, kwa hiyo ndilo la kulihangaikia zaidi. Sherehe yenyewe ilikuwa usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi, Uwanja wa Taifa. Alikuwepo Mwana-mfalme Philip kumwakilisha Malkia, alikuwepo Gavana Turnbull, alikuwepo Nyerere. Ilipofika saa sita taa zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowaka ile ya kijani, nyeusi na njano ilikuwa juu. Kishawishi cha wanafunzi ni kuwapeleka wasikilizaji uwanjani. Msiwapeleke! Mtahitaji kelele za maelfu ya watu ambazo hamna, na mtahitaji mtu wa kumwigiza Mwalimu. Kijana wa kidato cha pili akijaribu sauti ya Mwalimu, darasa zima litacheka, na tukio limekufa.

Wapelekeni kijijini, kwenye redio moja iliyozungukwa na watu. Televisheni haikuwepo Tanganyika, na redio zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo kuikusanyikia ya jirani ni jambo la kawaida kabisa. Shughuli ya hapa ni betri. Imechoka, na mwenye redio amekuwa akiizima na kuiwasha tangu jioni ili ifike saa sita.

SAUTI: Redio, mbali na yenye mikwaruzo. Umati. Inafifia. Kimya.
BIBI: Imekufa?
MWENYE REDIO: Tulieni!
KIJANA: Niliwaambia tusisikilize muziki.
MWENYE REDIO: Si betri. Wamezima taa uwanjani.
BIBI: Sasa wanaona nini?
MWENYE REDIO: Hawaoni kitu, bibi. Kama sisi tu.
SAUTI: Kimya, sekunde tano. Mtoto anakohoa. Kisha kelele za umati zinapasuka redioni.

Kile kimya cha sekunde tano mtalazimika kukipigania. Kila mwanafunzi anayehariri hutaka kukikata akidhani ni kosa la kurekodi. Kikohozi nimekiweka makusudi, kimya kitupu redioni kinafanya watu wadhani mtambo umezimika, lakini kimya chenye pumzi za watu ndani yake kinasikilizwa. Kwa sauti ya redio ya zamani, rekodini umati kwanza kawaida (darasa moja likishangilia ukumbini linatosha, mkirudia mara mbili na kuzipandanisha), kisha ndani ya programu ya kuhariri sauti ya Audacity chagueni kipande hicho tu, fungueni Filter Curve EQ na mchague AM Radio kwenye orodha yake ya mipangilio iliyo tayari. Sauti za wanakijiji ziacheni zilivyo. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayomfanya msikilizaji ajue nani yuko hapa na nani yuko Dar.

Msitunge maneno ya mtangazaji wa wakati ule wala ya kiongozi yeyote. Wacheni mwenye redio asimulie anachokisikia.

La tatu ni Jumamosi asubuhi, nalo ni fupi. Mfagizi wa uwanja anaokota takataka, anakuja mama wa vitumbua. Mfagizi anamlipa kwa senti kumi yenye tundu, wanaigeuza mwangani, na jina la Malkia bado limezunguka lile tundu. "Si ameondoka?" "Amemtuma mumewe tu, yeye hakuja." Sarafu hizo za Afrika Mashariki ziliendelea kutumika, na Malkia aliendelea kuwa mkuu wa nchi mpaka Tanganyika ilipokuwa jamhuri, 9 Desemba 1962. Hilo somo zima mnaweza kulipitisha kwa watu wawili na kitumbua kimoja, bila msimulizi kutia neno.

Sasa upande wa kukosea ukweli. Mswada wa uhuru hauharibiwi sana na tarehe, tarehe kila mtu anaijua. Unaharibiwa na vitu vya baadaye kuingizwa katika usiku ule. Pitieni mstari kwa mstari. Mhusika akisema "Tanzania", futeni, jina hilo ni la 1964. Akisema "Rais Nyerere", futeni, usiku ule alikuwa Waziri Mkuu. Akimtaja mwanajeshi wa JWTZ, futeni. Ubeti wa pili wa wimbo wa taifa uimbeni "Mungu ibariki Tanganyika", na msimamizi awe macho hapo, maana ndimi za watoto zimezoea vingine na zitateleza wakati wa kurekodi. Na kuna kosa moja nalikuta karibu kila mwaka: mhusika wa Dar es Salaam anayeona mwenge uking'aa Kilimanjaro. Ni kweli Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera kileleni, lakini kati ya Dar na mlima ule ni mamia ya kilomita. Huyo wa Dar asikie habari zake tu.

Kama mtazungumza na wazee, fanyeni hivyo kabla ya kuandika, siyo baada. Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amepita 70, na wapo wengi. Ila msimuulize alijisikiaje. Atawajibu "tulifurahi sana", na hapo mmemaliza mahojiano. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya kawaida, muulizeni siku ile alivaa nini, nani nyumbani hakwenda na kwa nini, nani alibaki na mifugo. Bibi mmoja niliyewahi kumpelekea wanafunzi alikaa kimya kwenye maswali yote ya furaha, lakini alipoulizwa mavazi alicheka hadi akafuta macho: mama yake alikuwa na khanga mpya sandukuni, aliizuia isiguswe mpaka siku ya uhuru, na siku yenyewe mvua ikanyesha akaamua kuirudisha sandukuni. Tukalifanya hilo tukio zima.

Kumbukumbu za wazee nazo huchanganya siku, na si kwa kudanganya. Mzee akikuelezea Nyerere akiapishwa kuwa Rais, anakumbuka 1962. Akikuambia walishika sarafu zenye sura ya Nyerere, hapo ni 1966 au baada yake, sarafu hizo ndipo zilipotoka. Msimsahihishe mbele ya watoto. Chukueni khanga, mwacheni na tarehe yake.

Msimulizi mpunguzieni kazi. Mimi humpa sentensi moja kabla ya kila tukio, yenye siku, saa na mahali: "Ijumaa, tarehe 8 Desemba 1961, saa tisa alasiri, Dar es Salaam." Basi. Mwanzoni kabisa aseme kwamba wahusika ni wa kubuni lakini sherehe, saa na mahali ni vya kweli, ili mwanafunzi wa darasa la chini asije akamwandika fundi wetu kwenye mtihani.

Kujaribu kama mswada umeiva, msiwape watu karatasi. Wakalisheni wanafunzi wasiohusika nyuma ya pazia au mlango ulioegeshwa, wachezeeni igizo mara moja, kisha waulizeni bendera ina rangi zipi, redio ilinyamaza kwa nini, na mpishi anaogopa nini. La mpishi likiwashinda, tatizo liko kwenye cherehani: haikusimama vya kutosha kabla ya jibu lake.