Shika Mishale, Weka Picha Kando: Kugeuza Slaidi za Mzunguko wa Maji Kuwa Hadithi

Slaidi za somo la mzunguko wa maji hufanana karibu kila mahali. Bahari iko chini, jua limekaa pembeni, wingu liko juu, kuna mlima ambao sisi wa Lamu hatuna, na mishale inazunguka kutoka picha moja hadi nyingine. Anayetaka kuzigeuza kuwa hadithi fupi ya watoto wa miaka saba au minane huvutwa kuipa kila picha ukurasa wake, kisha akaziunganisha kwa "halafu" na "baadaye". Nimewaandikia wanafunzi wa hapa kisiwani hadithi za somo hili, na ushauri wangu ni kuziweka picha kando na kuishika mishale. Picha huonyesha maji yalipo, lakini mshale ndio unaoficha sababu ya maji kuondoka hapo, na hadithi hutembea kwa sababu.

Kabla ya yote, amua mhusika ni nani. Wengi humchagua Tone, naye humsumbua mwandishi mapema sana, kwa kuwa tone likikauka halipandi angani likiwa tone. Linasambaratika na kuwa chembe zisizohesabika, kila moja ikishika njia yake. Mhusika anayeweza kusafiri safari nzima bila kumdanganya msomaji ni chembe moja ya maji, ile ndogo kabisa isiyoonekana kwa jicho, ambayo wakati mwingine huwa imeshikana na wenziwe na wakati mwingine huwa peke yake. Mimi humwita Chembe, basi.

Jambo la pili ni mahali pa kuanzia. Watoto wa hapa wangependa Chembe aanzie ufukweni Shela, mbele ya macho yao, na mvua imrudishe papo hapo. Upepo hauruhusu. Msimu wa masika, upepo wa kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kwa hiyo mvuke unaoondoka Shela huelekea bara, nayo mvua inayotunyeshea hutoka kwenye maji yaliyokauka mbali baharini. Maji hukaa hewani kwa wastani wa siku 9 hivi, muda unaotosha kusafirishwa mamia ya kilomita. Kwa hiyo hadithi yangu huanza hivi: "Mbali sana, upande wa kusini mashariki, mahali ambapo mashua za wavuvi wetu hazifiki, Chembe alikuwa juu kabisa ya maji, amebanwa kati ya wenziwe." Sentensi hiyo moja huwapa watoto kusi, umbali, na uso wa bahari, maana ni chembe zilizo juu ndizo zinazoondoka.

Mshale wa kwanza ndio wa uvukizaji. Hapa jihadhari na maneno "alitaka", "aliamua" na "alichoka". Mtoto akisoma kwamba Chembe aliamua kupanda, atakueleza baadaye kwamba maji hupanda yakipenda, na jua litakuwa limepoteza kazi yake. Mwache jua amtikise: "Jua lilipowaka, Chembe na wenziwe walianza kutikisika kwa kasi. Wakagongana, wakasukumana, mpaka msukumo mmoja ukamng'oa Chembe kutoka mikononi mwao." Katika ukurasa huohuo mweke mhusika wa pili, Chumvi, kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na swali ambalo kila mtoto wa kisiwani analo tayari ni kwa nini mvua haina ladha ya bahari. "Twende, mwenzangu," Chembe aliita. Chumvi akajibu, "Nenda, ndugu yangu. Joto hili linakutosha wewe, mimi halinitoshi." Swali limejibiwa bila mwalimu kusimama kueleza.

Mshale wa pili, wa mvuke kugeuka matone, ndio ambao slaidi nyingi huupitia kwa neno moja tu, ilhali ndio wenye utajiri kuliko yote. Hewa inayopanda hupoa karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja kabla wingu halijaanza kujengeka. Chembe anapungua mbio na sasa anaweza kushikana na wenziwe, lakini baridi peke yake haitoshi, kwa kuwa katika anga halisi chembe za maji huhitaji kitu cha kushikilia: vumbi, moshi, au punje ndogo mno ya chumvi. Punje hizo hutoka baharini kwenyewe. Mawimbi yakivunjika, mapovu hupasuka na kurusha vitone vidogo vya maji ya bahari, vitone hivyo hukauka, na upepo huzibeba punje zilizobaki. Kwa hiyo yule Chumvi aliyeachwa nyuma anaweza kukutana tena na Chembe kule juu, na mkutano huo haukubuniwa ili kupendeza hadithi. Ndivyo mawingu ya bahari yanavyoundwa. Muhimu ni kwamba Chumvi aseme mwenyewe kilichomfikisha: "Sikuja kwa joto. Wimbi lilinirusha, upepo ukanibeba. Nishike." Usipoandika hivyo, mtoto mwerevu atakuambia kwamba umevunja kanuni ya ukurasa wa kwanza. Mwingine atauliza mbona mvua basi si ya chumvi, na jibu ni kwamba punje ni ndogo kiasi kwamba, tone la mvua likikamilika, ulimi hauihisi.

Kunyesha kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Kitone cha wingu ni chembamba mno, na huhitajika takribani vitone milioni moja kutengeneza tone la mvua la milimita 2. Sema tu kwamba vitone viligongana na kuungana mpaka hewa inayopanda ikashindwa kuwabeba, wala usiruhusu wingu "lipasuke" au "lijae", kwa sababu wingu si mfuko.

Chembe aangukie wapi? Zaidi ya robo tatu ya mvua ya dunia huangukia baharini, na matone jirani yanaweza kuishia huko kwa sentensi moja. Chembe wetu mwangushe kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Slaidi huonyesha mto, lakini Lamu haina mto, na maji ya visima vinavyouhudumia mji wa kale hutokana na mvua inayonywea katika mchanga huo. Chini yake maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hapo Chembe anasikia sauti ya bahari kutoka chini, naye anateremka polepole kati ya punje za mchanga hadi anapokutana na mvua ya miaka iliyopita. Ukitaka hatari katika hadithi, iko hapa: wakichota kupita kiasi, maji matamu hupungua na yale ya chumvi hupanda kisimani.

Limebaki la mchoraji. Mwambie ukurasa wa Chembe akiwa mvuke auchore anga tupu, bila moshi mweupe wala vijitone vyenye mabawa, kwa sababu mvuke hauonekani. Kile cheupe juu ya sufuria ni maji yaliyokwisha kugeuka vitone. Hadithi ikisomwa, waulize watoto wakuonyeshe Chembe yuko wapi katika ukurasa huo. Wanaoelewa hugusa sehemu yoyote ya anga. Wasioelewa huligusa wingu la ukurasa unaofuata, na hapo ndipo pa kurudia kusoma, kuanzia pale hewa inapoanza kupoa.