Floti ikikauka: kwa nini nilishikilia mada finyu ya utafiti

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa mwaka wa tatu anayesoma uhasibu na fedha: "Dada shikamoo. Ijumaa natakiwa kupeleka mada ya risechi. Wenzangu karibu wote wamechukua mchango wa huduma za fedha kwa simu katika ukuaji wa biashara ndogo. Mimi nataka kuandika jinsi mawakala wa stendi ya Msamvu wanavyoishiwa floti, ila msimamizi anasema ni ndogo mno. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Umenigusa pabaya. Maneno hayohayo, "ndogo mno", niliambiwa mbele ya darasa zima na mtu ambaye hakufungua hata ukurasa wa pili wa pendekezo langu. Mada yangu ilihusu jinsi mawakala wa Mbagala Rangi Tatu wanavyosimamia floti, yaani pesa iliyo kwenye laini zao za simu. Niliing'ang'ania, nikaitetea mbele ya jopo, nikapata A, na mpaka leo najivunia kazi ile.

Tuanze na mada ya wenzako. Ili useme huduma za fedha kwa simu zimekuza biashara, unahitaji biashara zinazozitumia na zisizozitumia, uzilinganishe. Sasa ingia sokoni umtafute muuza nyanya asiyepokea pesa kwa simu. Utazunguka mpaka jua lizame. Kama karibu kila unayemhoji anatumia, safu hiyo ya jedwali lako itakuwa na jibu moja kutoka juu hadi chini, na kitu kisichobadilika hakiwezi kueleza kwa nini biashara ya huyu imekua na ya yule imedumaa. Hapo ndipo watu wanapokimbilia hojaji ya "nakubali sana, nakubali, sina hakika". Mama anaulizwa huku anapima nyanya, naye anajibu "nakubali sana" kila swali ili umwache auze. Fomula ya Yamane, n = N / (1 + N × e²), itakupa idadi ya watu wa kuhoji: kwa wafanyabiashara 500 na kosa la 0.05 ni 222. Hesabu ni sahihi, ila majibu 222 yanayofanana hayatakufundisha kitu.

Sisemi mada hiyo haifanyiki. Tavneet Suri na William Jack waliifanya Kenya. Walianza kuhoji kaya mwaka 2008, M-Pesa ikiwa bado changa, wakazirudia kwa miaka kadhaa. Hawakulinganisha tu anayetumia na asiyetumia. Walitazama mahali ambapo mawakala walisogea karibu na watu zaidi kuliko pengine. Makala yao ya 2016 ilikadiria kuwa M-Pesa ilizitoa asilimia 2 ya kaya za Kenya kwenye umaskini. Wao walikuwa na miaka, wewe una muhula mmoja na nauli ya daladala.

Njoo sasa kwa wakala. Tuseme anafungua asubuhi na mtaji wa shilingi 1,000,000: keshi 400,000 na floti 600,000. Mteja akija kuweka 150,000, keshi inapanda hadi 550,000 na floti inashuka hadi 450,000. Mteja akija kutoa, mambo yanageuka. Mtaji haujapungua hata senti, ila umehamia upande mmoja. Wakiweka watu mfululizo, floti inakauka, na wakala mwenye keshi tele droo nzima analazimika kusema "sina floti". Ana laini za mitandao minne? Basi floti inaweza kuwa imejaa laini moja na kuisha ile anayoitaka mteja. Anayekataliwa anavuka barabara kwenda kibanda kingine, na kamisheni inaenda naye.

Ona jinsi jedwali linavyojichora lenyewe: saa, kuweka au kutoa, kiasi, laini, floti iliyobaki, amehudumiwa au amekataliwa. Kila mstari unatofautiana na mwenzake. Hiki ndicho kipimo changu, na ndicho ningekutaka ukitumie kabla hujasikiliza mtu mwingine yeyote: chora jedwali tupu la kila mada, kisha nenda mahali penyewe ukajaze mistari michache. Mada ambayo mistari yake haijai, au inajaa jibu lilelile, iache hata kama inasifiwa na chuo kizima.

Kujaza huko ndiko kulikonionyesha tatizo ambalo nisingeliwaza nikiwa maktaba. Daftari la wakala huandikwa miamala iliyofanyika. Mteja aliyekataliwa haandikwi popote! Ningechukua madaftari tu, nisingeona kitu nilichokwenda kukitafuta. Nikawaachia mawakala karatasi yenye mistari ya saa, wapige alama kila wanapomkosa mteja na waandike alitaka nini. Lakini jioni foleni ikijaa wanasahau, na jioni ndiyo saa yenye kukataliwa kwingi. Kwa hiyo nilikaa pembeni ya baadhi ya vibanda jioni nikipiga alama zangu mwenyewe, kisha nikalinganisha na zao ili nijue zinapungua kiasi gani. Jopo liliniuliza kuhusu hilo kuliko kitu kingine chochote, na nilikuwa na jibu.

Watakuambia pia kwamba mada finyu haina maandiko. Hiyo si kweli, ila maandiko yake yamewekwa chini ya jina lingine. Mwaka 1966 Merton Miller na Daniel Orr waliandika kuhusu kampuni ambayo keshi yake inapanda na kushuka bila kutabirika: weka kiwango cha chini na cha juu, usihangaike katikati, ukigusa mpaka mmoja ndipo uhamishe fedha kurudi kwenye kiwango ulichopanga. Huyo ni wakala wa Rangi Tatu kabisa, anayejiuliza amtume kijana kwa wakala mkuu sasa hivi au asubiri. Sura yangu ya pili ilisimama juu ya modeli hiyo, na swali langu likawa: mipaka ya mawakala hawa iko wapi, na nauli na foleni ya kufuata floti zinaisogeza vipi?

Mada finyu ina hatari zake, na usizifumbie macho. Kubwa ni mlango. Wakala akikuona na kalamu anawaza mtu wa kodi au mwizi anayepeleleza droo. Chukua barua ya chuo, pita ofisi ya serikali ya mtaa, na usiandike majina wala namba za wateja, maana zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kama data zako zote zinatoka kwa meneja mmoja wa kampuni, badili mada mapema, kwa sababu akisafiri utafiti umekwisha. Wala usichukue kibanda kimoja. Chukua vya ndani ya stendi na vya mitaa ya jirani ili uwe na cha kulinganisha. Na kama una nguvu ya takwimu na hupendi kuzunguka juani, mada pana inawezekana kwa data zilizokwisha kukusanywa, kama za utafiti wa matumizi ya huduma za fedha wa FinScope Tanzania 2023, mradi uchukue kipande kimoja.

Kwa msimamizi wako usirudi na maneno matupu. Kesho nenda Msamvu, jaza ukurasa mmoja wa jedwali, mpelekee pamoja na kichwa hiki: "Usimamizi wa floti na keshi na kukosa huduma kwa wateja: mawakala wa stendi ya Msamvu na mitaa ya jirani, Morogoro." Maneno ya mwanzo yanaigusa mada ya fedha anayoijua, na ya mwisho yanakuzuia usidai kuisemea Tanzania nzima. Akikataa tena, muulize ni safu gani ya jedwali haijai.