Mjomba alidhani tovuti yake imeingia virusi

Tovuti ya nyumba ya wageni ya mjomba wangu, kule Tanga, haikumaliza hata saa mbili hewani kabla simu yangu haijaita. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka: "Marahaba. Hebu niambie, mpwa wangu, umeniwekea virusi? Mteja kanitumia picha, juu kabisa pameandikwa Not secure."

Hapakuwa na virusi. Maneno yale hayahusu kilichomo ndani ya tovuti, yanahusu njia ambayo ukurasa umepitia hadi kufika kwenye simu ya mteja. Tovuti mpya ikiwekwa kwenye seva bila cheti, husafiri kwa `http://`, na kila kitu hupita wazi kama barua isiyo na bahasha. Mgeni akijaza jina na namba ya simu ili ashike chumba, mtu aliye kwenye wai-fai hiyohiyo, akiwa na ujuzi kidogo, anaweza kuzisoma. Krome ilianza kuziandikia hivyo tovuti zote za aina hiyo Julai 2018.

Cheti huleta mambo mawili. Kwanza, huthibitisha kwamba seva inayojibu ndiyo yenye haki ya kutumia jina lile. Pili, pamoja na uthibitisho huo, kivinjari na seva hupatana ufunguo wa siri, na mazungumzo yao yakafungwa, ndiyo hiyo `https://`. Hakithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye hupata cheti, tena kwa dakika mbili.

Nilikwenda Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure. Kabla ya hapo fundi mmoja alikuwa amenitajia bei ya kuniwekea cheti. Kwa nyumba ya vyumba tisa sikuona ningenunua nini, maana ulinzi wa njia ni uleule. Kama umepanga nafasi kwenye seva ya kampuni, angalia kwanza paneli yao, mara nyingi cheti cha bure kipo, unakiwasha tu. Mimi nilikuwa na seva yangu ya Ubuntu yenye Nginx, kwa hiyo niliandika hivi (weka jina lako mahali pa `example.com`):

```
sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot --nginx -d example.com -d www.example.com
```

Ikagoma. Kwenye skrini yalitokea maneno `NXDOMAIN looking up A for www.example.com`. Ili wakupe cheti, Let's Encrypt hutaka uoneshe kuwa jina ni lako: programu ya Certbot huandaa jibu dogo kwenye seva yako, nao wanakuja kulitafuta kupitia jina hilo, kwenye mlango namba 80. Mimi nilikuwa nimeelekeza `example.com` kwenye seva, lakini ile ya `www` sikuiandikia rekodi yoyote. Wakaitafuta, hawakuikuta.

Na usijaribu tena na tena kwa hasira. Ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja kwa jina lilelile, wanakusimamisha kwa muda. Niliongeza rekodi ya A ya `www`, nikangoja hadi amri ya `dig +short www.example.com` iliporudisha namba ya seva yangu, ndipo nikarudia. Mara hii ilipita.

Kishawishi kilikuwa kuiacha `www` nje. Ningefanya hivyo kisha nikaielekeza kwenye seva baadaye, mgeni aliyezoea kuandika `www` angekutana na ukurasa mzima wa kumtisha, wenye `NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID`. Cheti kinalinda majina yaliyoandikwa ndani yake tu, na huo ukurasa unafukuza wateja kuliko yale maneno madogo ya juu.

Nikafungua tovuti kwa `https://`, onyo limetoweka, ila picha mbili za vyumba hazikuonekana. Nilikuwa nimeziita kwa anwani kamili inayoanza na `http://`, kutoka seva ya zamani isiyo na cheti, na kivinjari hakikukubali kuzipakia ndani ya ukurasa uliofungwa. Dalili yake ni maneno `Mixed Content` kwenye Console ya kivinjari. Nilizihamishia kwenye seva yangu, nikaandika anwani zake upya.

Usitafute kufuli, Krome waliliondoa pale juu mwaka 2023. Angalia tu kwamba ukiandika anwani kwa `http://` inajigeuza yenyewe kuwa `https://`.

Cheti hiki huishi siku 90. Certbot hukihuisha peke yake, lakini nami huwa siamini mpaka nijaribishe:

```
sudo certbot renew --dry-run
```

Ukishafanya hivyo, usije ukafunga mlango namba 80 ukidhani hauna kazi tena, maana kwa njia hii wanaurudia kila wakati wa kuhuisha. Nilimpigia mjomba kumwambia tayari. Akauliza kama sasa anaweza kuongeza bei ya vyumba.